Boriti Iliyobinuka Kabla ya Kubeba Mzigo

Ukipita kwenye yadi inayomwaga boriti za madaraja, zitazame boriti zilizokwisha kukauka kwa pembeni, jicho likiwa usawa wa tumbo la boriti. Utaona zimebinuka kidogo katikati kwenda juu. Mtu asiyejua atadhani fomu ilikuwa mbovu. Kumbe boriti iliyolala kabisa, bila kubinuka hata kidogo, ndiyo ya kumtia wasiwasi msimamizi wa yadi, maana huenda kamba zake za chuma hazikuvutwa sawasawa.

Boriti hizi ni za zege lililokazwa: ndani yake zimepitishwa kamba za chuma kigumu sana, zikavutwa kwa jeki, zege likamwagwa, na lilipopata nguvu kamba zikaachiliwa. Kamba zinataka kurudi urefu wake wa awali, zege linazizuia, na kwa kulizuia hilo zege lenyewe linabanwa. Reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, imepita juu ya boriti nyingi za jinsi hii.

Zege lina tabia moja ambayo kila fundi anaijua: ukiligandamiza ni gumu kama jiwe, ukilivuta linapasuka upesi. Zege zuri linavumilia mgandamizo wa nyutoni 30 au 40 kwa kila milimita ya mraba, lakini likivutwa kwa nyutoni 3 tu huanza kutoa nyufa. Na boriti yoyote iliyoegemea ncha mbili ikibeba mzigo hulegea katikati: uso wake wa juu unagandamizwa, uso wa chini unavutwa. Kwa hiyo nyuso hizo mbili, pale katikati ya urefu ambapo mzigo unapinda zaidi, ndizo mhandisi anazozipigia hesabu kwanza.

Tuchukue boriti moja tuifuate. Upana wake ni milimita 300, kimo milimita 600, na inavuka mita 12. Uzito wake wenyewe ni kilonyutoni 4.5 kwa kila mita ya urefu, na itabebeshwa mzigo wa kilonyutoni 10 zaidi kwa kila mita. Eneo la mkato wake, A, ni milimita za mraba 180,000. Inahitajika pia namba inayoeleza jinsi umbo hilo linavyopinga kupindwa. Wahandisi huiita Z, na kwa mkato wa mstatili ni upana mara kimo mara kimo, gawanya kwa 6. Hapa inatoka milioni 18.

Nguvu ya kupinda katikati ya boriti, yaani momenti M, ni mzigo wa kila mita mara urefu mara urefu, gawanya kwa 8. Uzito wa boriti yenyewe unaleta kilonyutoni-mita 81, na ule mzigo wa juu yake unaleta 180. Ukigawanya kwa Z, na kuhakikisha vipimo vyote viko katika nyutoni na milimita, unapata mkazo wa 4.5 na wa 10. Jumla ni 14.5: uso wa juu unagandamizwa kwa 14.5, uso wa chini unavutwa kwa 14.5. Zege lisilovumilia mvuto wa 3 halina la kufanya hapo. Litapasuka tumboni muda mrefu kabla mzigo haujakamilika.

Sasa tulete kamba. Tuseme tunatumia kamba 8, kila moja ikiwa ni nyaya 7 zilizosokotwa pamoja, unene wa milimita 12.7, na kila moja imebaki na mvuto wa kilonyutoni 135 baada ya kuachiliwa. Jumla ni kilonyutoni 1,080, karibu tani 110. Hiyo ndiyo P.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuzipitisha kamba katikati kabisa ya kimo, ili zibane mkato wote sawasawa. Zikikaa hapo, mgandamizo ni P gawanya kwa A, nao ni 6 juu na 6 chini. Haitoshi: chini bado panabaki mvuto wa 8.5. Kuuondoa wote ungehitaji kilonyutoni 2,610, mara mbili na nusu ya chuma tulichonacho, na uso wa juu, ambao haukuhitaji msaada wowote, ungegandamizwa kwa 29. Chuma kingi kinanunuliwa ili kubana mahali pasipotakiwa kubanwa.

Kwa hiyo kamba hushushwa. Tuziweke milimita 200 chini ya mstari wa kati, na umbali huo tuuite e. Hapo zinafanya kazi mbili kwa mpigo. Zinabana mkato wote kama awali, na kwa kuwa zinavuta kutoka upande mmoja, zinaipinda boriti kinyume cha mzigo. Hapo ndipo ule mbinuko wa yadi unapotoka. Kazi ya pili ina mkazo wa P mara e, gawanya kwa Z, yaani 12. Tukihesabu mgandamizo kuwa chanya na mvuto kuwa hasi, hesabu nzima ni hii:

```
juu  = P/A - P·e/Z + M/Z
chini = P/A + P·e/Z - M/Z
```

Chuma ni kilekile, bei ni ileile. Bila mzigo wowote, juu tunapata 6 toa 12, yaani −6, na chini 6 jumlisha 12, yaani 18.

Hiyo −6 inashtua, kwa kuwa ni mvuto ambao zege halitaustahimili. Lakini boriti haiwezi kubinuka bila kujinyanyua kutoka kwenye kitanda chake, na ikishanyanyuka inasimama kwa ncha zake, na uzito wake unaanza kazi papo hapo. Ongeza ile 4.5: juu inabaki −1.5, chini 13.5. Mvuto wa 1.5 zege lililofikia nguvu ya kutosha linaustahimili. Halafu mzigo wa siku ya kazi unapokuja na 10 yake, juu panakuwa 8.5 na chini 3.5. Boriti nzima imegandamizwa, juu hadi chini, hakuna inapovutwa. Kwangu hapa ndipo uzuri wa jambo hili ulipo: uzito wa boriti, ambao katika boriti ya kawaida ni hasara tupu, hapa unafanya kazi ya kuulinda uso wa juu.

Ila ulinzi huo upo katikati tu. Kwenye ncha, uzito wa boriti hauna momenti yoyote. Kamba zikiwa zimenyooka, pale nchani ile −6 inabaki −6 na uso wa juu unapasuka. Nyufa zake ni rahisi kuzitambua: zinakatiza mgongo wa boriti karibu na ncha, siku ileile kamba zilipoachiliwa. Dawa zake zinajulikana. Kamba huinuliwa polepole kuelekea nchani, ili e ipungue kadiri momenti inavyopungua, au baadhi ya kamba huvishwa mirija ya plastiki karibu na ncha zisishikane na zege hapo.

Balaa jingine hutokea wakati wa kunyanyua. Winchi ikiishika boriti hii katikati tu, ncha zinaning'inia, na uzito uliokuwa ukitusaidia unageuka upande. Badala ya kuongeza 4.5 uso wa juu, unaitoa: juu panakuwa −10.5. Boriti inakatika hewani bila kubebeshwa chochote. Ndiyo maana vishikio vya kunyanyulia huwekwa karibu na ncha, na magogo ya kuegeshea yadini huwekwa palepale zitakapokaa nguzo. Kibarua anayesogeza gogo mita mbili ndani kwa sababu nafasi imembana amebadilisha hesabu ya mhandisi bila kujua.

Lakini kilichokaribia kuliua wazo zima tangu mwanzo ni muda. Zege likikauka husinyaa kidogo, na likibanwa miaka mingi huendelea kufupika. Mhandisi Mfaransa Eugène Freyssinet aliliona hilo kwa macho yake kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, pale daraja lake la Le Veurdre, juu ya mto Allier, lilipoanza kushuka katikati baada ya kukamilika, ikabidi aliinue kwa jeki. Mwaka 1928 aliposajili hati ya uvumbuzi wake wa kulikaza zege, alikuwa ameshaelewa kwa nini waliomtangulia walishindwa. Walitumia chuma laini. Chuma hicho kikivutwa kinarefuka kwa milimita 8 hivi katika mita 12, na zege likifupika kiasi kinachokaribia hicho, mvuto wote umekwisha. Kamba zetu ngumu zimerefuka kama milimita 84. Zege likila milimita chache, na chuma chenyewe kikilegea kidogo, sehemu kubwa bado ipo. Milimita hizo pia ndizo ushahidi wa fundi wa jeki: hasomi geji ya mafuta peke yake, anapima na kurefuka kwa kamba, na vipimo viwili visipokubaliana anasimamisha kazi.

Basi tuiangalie boriti yetu miaka mingi baadaye, tukikadiria kuwa kamba zimepoteza asilimia 20. P sasa ni kilonyutoni 864. Mgandamizo wa jumla umeshuka hadi 4.8 na mkazo wa kupinda hadi 9.6, kwa hiyo mchango wa kamba ni −4.8 juu na 14.4 chini. Weka uzito na mzigo, vile 14.5 vya mwanzo. Juu ni 9.7. Chini ni −0.1.

Kitaalamu huo ni mvuto, ingawa ni mdogo mno kuleta ufa. Mbunifu mwangalifu anaweza kutaka kuongeza kamba ya 9 ili alale usingizi, na kweli uso wa chini ungepata 1.7 ya mgandamizo. Lakini arudi siku ya kuachilia kamba, zikiwa bado na nguvu yote: uso wa juu katikati ungetoka −1.5 hadi −2.25, zege likiwa bado changa, na nchani hali ingekuwa mbaya zaidi. Mimi ningeziacha 8, nikatumia nguvu zangu kuhakikisha zege limefikia nguvu yake kabla kamba hazijakatwa.