Biriani Katika Mistari Miwili

Anayeagiza chakula kwa simu haoni sufuria wala hawezi kumuuliza mhudumu. Ana jina la chakula, picha, bei na maneno machache chini yake. Programu nyingi za kuagiza huonyesha mstari mmoja au miwili tu kwenye orodha, kisha maneno hukatwa kwa vitone vitatu.

Chukua biriani ya kuku ya mgahawa wa Mombasa, iliyoandikwa hivi: “Furahia biriani yetu tamu ya kuku iliyopikwa kwa ustadi kwa viungo halisi vya pwani, na kuletwa pamoja na wali, rojo na kachumbari.” Kwenye simu ndogo sentensi hukatika kabla ya kufika kwenye wali. Mteja amesoma sifa, lakini hajui atapata vipande vingapi, wala kama mtoto wake ataweza kula.

Mimi ningeandika: “Vipande 2 vya kuku, wali wa mtu 1. Rojo linawasha kidogo, liko kando. Kachumbari ina pilipili.” Hazifiki herufi 100, hata ukihesabu nafasi. Jina “biriani ya kuku” halirudiwi kwa sababu liko juu tayari. Kipimo kimetangulia, ili mstari ukikatwa kisipotee. Tena ni kipimo kinachohesabika. Neno “nusu” peke yake huleta ugomvi, maana mmoja anasubiri nusu kuku na jiko linafunga nusu sahani.

Kwenye ukali ndipo tafsiri huharibu zaidi. Menyu ya Kiingereza ikisema chakula ni “spaisi”, mfasiri huandika “kina viungo vingi”. Msomaji wa Kiswahili anafikiria iliki, mdalasini na bizari, vitu ambavyo pilau huwa navyo na haiwashi hata kidogo. Itaje pilipili yenyewe: haina, inawasha kidogo, au kali sana. Picha ya pilipili moja haitoshi, kwani kwa huyu ni “kidogo” na kwa yule ni “tahadhari”.

Kabla ya kuandika “kidogo”, muulize mpishi. Pilipili mbuzi ikiwekwa nzima kwenye rojo hutoa harufu zaidi ya ukali, lakini ikipasuka sufuria nzima huwasha. Kama jiko halina hakika, andika “linawasha”.

Ukimaliza, fungua menyu kwenye simu yenye kioo kidogo, maandishi yakiwa yamekuzwa. Mpe mtu asiyewahi kula hapo, umuulize atapata vipande vingapi na kipi kitamwasha. Akibahatisha, panga maneno upya.

Kitufe cha “bila pilipili” nacho kiwekwe panapowezekana tu. Kachumbari hukatwa wakati wa kufunga, hivyo pilipili inaweza kuachwa. Rojo limepikwa tangu asubuhi, na pilipili iliyokwisha kuivia humo haitoki.