Zima Tangazo Mikoa Michache Uone Kama Linauza

Hadi mwanzoni mwa 2012, Mmarekani aliyeandika neno "eBay" kwenye injini ya utafutaji alikuta viungo viwili vya soko hilo la mtandaoni vimepangana. Cha juu kilikuwa tangazo, na kila aliyekibofya aliigharimu eBay pesa. Cha chini yake kilikuwa cha bure, kwa kuwa injini ilikileta yenyewe kama jibu la swali. Vyote viwili vilimpeleka mteja mahali pamoja. Ripoti za matangazo zilionyesha kiungo cha kulipia kikifanya kazi nzuri sana: watu walikuwa wakikibofya, kisha wakinunua.

Wachumi watatu, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, walitaka kujua jambo ambalo ripoti hizo hazikuligusa: tangazo lisingekuwepo, watu hao wangekwenda wapi? Machi 2012, eBay ilizima tangazo hilo kwenye Yahoo na MSN, lakini ikaliacha liendelee kwenye Google ili wawe na cha kulinganishia. Asilimia 99.5 ya waliokuwa wakiingia kwa kubofya tangazo waliendelea kuingia, safari hii kupitia kiungo cha bure. Walikuwa tayari njiani kwenda eBay, na kampuni ilikuwa ikilipia ujio wao.

Anayemfahamu mpiga debe wa stendi ya mabasi ataelewa mara moja. Abiria ametoka nyumbani na begi lake, anakwenda Morogoro, na basi la Morogoro analiona kwa macho yake. Mpiga debe anamshika mkono, anatembea naye hatua kumi hadi mlangoni, kisha anamdai kondakta ujira wa abiria mmoja. Kwamba abiria amepanda ni kweli. Kwamba amepanda kwa sababu ya mpiga debe ni dai jingine kabisa, nalo linahitaji ushahidi wa aina yake.

Masoko yaliyozimiwa matangazo

Tangazo la jina la kampuni lilikuwa rahisi kulishuku. Swali gumu lilihusu matangazo mengine, yale yanayotokea mtu anapoandika jina la bidhaa tu, tuseme gitaa lililotumika au viatu vya kukimbilia. Mtu huyo hakuitaja eBay, na huenda asingeikumbuka kama tangazo lisingemtokea. Hapa ripoti za kawaida hazisaidii, kwa sababu tangazo huonyeshwa kwa mtu ambaye tayari anatafuta cha kununua. Isitoshe, kampuni hutangaza zaidi msimu ambao watu hununua zaidi. Matumizi ya matangazo na mauzo hupanda pamoja na kushuka pamoja, hata kama kimoja hakikisababishi kingine.

Njia waliyoitumia ni kuigawa nchi. Marekani imegawanywa katika masoko 210 ya televisheni, kila moja likiwa mji mkubwa pamoja na maeneo yanayouzunguka, na Google humruhusu mtangazaji kuchagua matangazo yake yaonekane katika masoko yapi. eBay ilizima matangazo yote ya utafutaji yasiyo ya jina la kampuni kwenye Google katika maeneo yenye takriban asilimia 30 ya nchi, ikayaacha yaendelee kwingine, na hali hiyo ikadumu siku 60.

Uteuzi wa maeneo ya kuzimiwa hauachwi kwa meneja, kwa sababu atachagua yale ambayo biashara tayari imelala, halafu matokeo yatasema kuzima matangazo kumeshusha mauzo. Hupigwa kura. Kabla ya kuanza, huangaliwa pia mauzo ya miezi iliyopita: je, mikoa itakayozimwa na itakayobaki imekuwa ikipanda na kushuka pamoja? Si lazima iuze kiasi sawa. Kinachotakiwa ni mwendo uwe mmoja, ili mikoa yenye matangazo ituonyeshe jinsi ile mingine ingekwenda kama isingeguswa.

Hesabu yenyewe

Tuifanye hesabu hiyo kwa tarakimu za mfano. Kampuni inauza vyombo vya nyumbani mtandaoni. Kabla ya jaribio, mikoa itakayobaki na matangazo ilikuwa ikiuza shilingi milioni 50 kwa wiki, na itakayozimwa milioni 20. Matangazo yanazimwa kwa wiki nne. Katika wiki hizo, mikoa yenye matangazo inauza wastani wa milioni 55, yaani imepanda kwa asilimia 10. Mikoa iliyozimwa inauza milioni 21.6, yaani imepanda kwa asilimia 8.

Aliyeitazama mikoa iliyozimwa peke yake angesema mauzo yamepanda, kwa hiyo matangazo hayana kazi. Angekosea, kwa sababu msimu ulikuwa mzuri kila mahali. Kama mikoa hiyo ingekwenda sawa na mingine, ingepanda kwa asilimia 10 na kufikia milioni 22. Imepungukiwa na 400,000 kwa wiki, na hayo ndiyo mauzo ya ziada ambayo matangazo yangeleta. Kwa wiki nne ni milioni 1.6.

Sasa tugeukie gharama. Tuseme matangazo katika mikoa hiyo yaligharimu 500,000 kwa wiki, kwa hiyo kampuni imeokoa milioni 2. Mauzo ya milioni 1.6 si faida. Kama baada ya kununua na kusafirisha bidhaa kampuni hubaki na robo ya bei, imekosa faida ya 400,000 tu. Ilikuwa ikilipa milioni 2 kupata 400,000. Ripoti ya kubofya ingeweza kuyahesabia matangazo hayohayo mauzo ya milioni 6 bila kudanganya tarakimu hata moja, kwa kuwa huhesabu kila aliyebofya akanunua, akiwemo yule ambaye angenunua vyovyote vile.

Lakini je, ile 400,000 ni kazi ya matangazo au ni mauzo kuyumba tu kama kawaida? Ili kujua, unarudia hesabu ileile kwa vipindi vya wiki nne vilivyopita, ambapo hakuna kilichozimwa popote. Jibu linapaswa kuwa sifuri, lakini halitakuwa sifuri kamili, kwa sababu mkoa mmoja ulipata mvua, mwingine sikukuu, mwingine mzigo ulichelewa. Tuseme majibu hayo yanacheza kati ya kupungua 600,000 na kuongezeka 600,000 kwa wiki. Basi 400,000 yetu imo ndani ya myumbo wa kawaida. Hatuwezi kuapa kwamba matangazo yaliongeza chochote. Huenda yaliongeza hadi milioni 1 kwa wiki, huenda hayakuongeza kitu.

Hata hivyo uamuzi unapatikana. Hata tukichukua ile milioni 1, robo yake ni 250,000, na gharama ni 500,000 kwa wiki. Matangazo hayo hayajilipi hata tukiyatazama kwa jicho la huruma kuliko yote. Anayefanya jaribio hili hahitaji kuijua athari kwa usahihi wa shilingi. Anahitaji kujua kama athari inaweza kufikia kiwango cha kurudisha gharama.

Walichokuta eBay

Ndivyo ilivyokuwa kwa eBay. Katika maeneo yaliyozimwa mauzo yalipungua kwa asilimia 0.66, pungufu dogo kiasi kwamba halikuweza kutofautishwa na sifuri. Mbinu za zamani za kulinganisha matumizi na mauzo zilikuwa zikionyesha kwamba matangazo hayo yanarudisha faida ya zaidi ya asilimia 1,600. Jaribio lilionyesha hasara ya asilimia 63: kila dola moja iliyotumika ilipoteza senti 63. Makadirio hayo yana upana wake, kuanzia hasara ya asilimia 124 hadi ya asilimia 3, lakini upana huo wote uko upande wa hasara. Utafiti ulichapishwa mwaka 2015 katika jarida la uchumi la Econometrica.

Matokeo hayo yana sehemu ya pili isiyotajwa mara nyingi. Watafiti waliwagawa wateja kufuatana na mazoea yao ya kununua. Kwa wanunuzi wa mara kwa mara, tangazo halikubadilisha kitu, na hao ndio waliokuwa wakila sehemu kubwa ya bajeti. Kwa wageni mambo yalikuwa tofauti: matangazo yaliongeza idadi ya watumiaji wapya waliojisajili kwa takriban asilimia 5, na pia yaliwavuta walionunua mara chache tu mwaka uliotangulia. Tangazo lilifanya kazi pale lilipompa mtu habari ambayo hakuwa nayo. eBay ilijulikana na karibu kila Mmarekani, kwa hiyo watu wa kupewa habari hiyo walikuwa wachache. Duka jipya lisilojulikana haliwezi kuyachukua matokeo ya eBay na kuzima matangazo yake. Linapaswa kujipima lenyewe.

Mahali jaribio linapoharibika

Kasoro ya kwanza ni kuvuja. Mteja wa mkoa uliozimwa huliona tangazo akiwa safarini, au hununua katika mji wa jirani ambako tangazo bado lipo, na tofauti kati ya pande mbili inafifia. Ndiyo maana Marekani hugawanywa kwa masoko makubwa badala ya mitaa. Katika Afrika Mashariki kuna tatizo la ziada. Simu inapotumia intaneti ya mtandao wa simu, mara nyingi huonekana kama ipo kwenye jiji ambako mitambo ya kampuni ya simu inaunganisha wateja wake na intaneti, hata kama mwenyewe yuko mkoa mwingine. Dalili yake ni kwamba ripoti ya matangazo inaonyesha wabofyaji kutoka mikoa uliyoizima, au jiji kuu linakuwa na wabofyaji wengi kupita kiasi. Kwa upande wa mauzo, anwani ya kupelekewa mzigo huaminika kuliko eneo linalokadiriwa na simu.

Kasoro ya pili ni uchache wa maeneo. Marekani ina masoko 210 ya kupigia kura. Kenya ina kaunti 47, Tanzania mikoa 31, na Dar es Salaam haina mwenzake wa kulinganishwa naye. Anayeuza zaidi Dar es Salaam hawezi kuliweka jiji hilo upande mmoja, Dodoma upande mwingine, akapata jibu la kuaminika. Anaweza kuliacha nje ya jaribio na kupima mikoa mingine, mradi akumbuke kwamba jibu linaihusu mikoa hiyo tu.

Ya tatu ni kukosa subira. Bidhaa ya bei kubwa hufikiriwa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo aliyeona tangazo kabla ya kuzimwa anaweza kununua baadaye, akaficha pengo la mwanzo. Muda wa jaribio uandikwe kabla ya kuanza, uwe mrefu kuliko muda ambao mteja wa kawaida huchukua kuamua, na usikatizwe kwa sababu wiki ya pili imeonyesha jibu ambalo wakubwa walilitamani. Vilevile kiandikwe mapema kiasi cha mauzo kitakachotosha kurudisha gharama. Bila kiwango hicho, kila upande utayasoma matokeo yaleyale unavyotaka, na bajeti ya mwaka ujao itapangwa tena kwa idadi ya waliobofya.