KRA Inapouliza Nyumba Ilikugharimu Ngapi

Anayeuza jengo Kenya kwa faida hulipa ushuru wa faida ya mtaji. Ushuru huu ulisitishwa mwaka 1985, ukarudi tarehe 1 Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Wauzaji wengi hujaza fomu yao kwenye iTax, wakalipa, kisha wakasahau. Miezi ikishapita barua pepe inaingia: KRA imekagua hesabu zako, imekataa sehemu kubwa ya gharama ulizodai, na inadai zaidi.

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu aliyekuwa na nyumba za kupangisha Nakuru. Plot aliinunua mwaka 1998 kwa shilingi 400,000, na ushuru wa stempu pamoja na wakili vikamgharimu 40,000 nyingine. Mwaka 2003 alijenga vyumba vya chini kwa 2,600,000. Mwaka 2012 akaongeza ghorofa kwa 3,100,000, na mwaka 2014 akapaka rangi na kubadilisha mabomba kwa 380,000. Mwaka 2023 aliuza jengo lote kwa milioni 14, akamlipa dalali na wakili wa mauzo 440,000. Alitoa gharama zote hizo, akabaki na faida ya 7,040,000, akalipa 1,056,000.

Hesabu ya KRA ilikuwa fupi zaidi. Ilikubali zile 400,000 za plot tu, kwa sababu zilikuwa kwenye mkataba wa mauzo. Milioni 13.6 zote zikahesabiwa kuwa faida na ushuru ukafika 2,040,000. Alitakiwa aongeze 984,000, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi juu yake. Afisa hakusema kwamba jengo halikujengwa. Alichosema ni kwamba hajaonyeshwa pesa iliyolijenga, na chini ya Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 mzigo wa kuthibitisha ni wa mlipa ushuru.

Jambo la kwanza ni kutambua umeletewa barua ya aina gani. Mara nyingi KRA hutanguliza barua ya kuomba maelezo, na hiyo hujibiwa kwa maelezo na nakala za stakabadhi. Notisi ya makadirio ni kitu kingine. Inataja kiasi unachodaiwa, na tangu upewe una siku 30 za kuwasilisha pingamizi rasmi. Hapa ndipo watu wengi huumia. Mtu anaandikiana na afisa kwa heshima, anaambiwa alete hiki na kile, anapeleka, anaamini shauri linaendelea. Siku 30 zinapita bila pingamizi lolote kuingizwa kwenye iTax, na makadirio yanageuka deni. Kuomba nafasi baada ya muda kupita kunawezekana ikiwa ulikuwa mgonjwa, ulikuwa nje ya nchi, au una sababu nyingine ya maana, lakini sababu hiyo nayo itabidi uithibitishe.

Pingamizi lenyewe lina masharti, na likikosa moja linaweza kurudishwa kuwa si halali. Lazima liseme waziwazi unapinga nini, unataka kipi kirekebishwe na kwa nini. Lazima liambatane na stakabadhi zote zinazohusika. Sharti ambalo wengi hawalijui ni kwamba sehemu ya ushuru usiyoipinga lazima uwe umeilipa, au umekubaliana na KRA namna ya kuilipa.

Mwalimu wetu alikuwa na sehemu ya namna hiyo, nayo ni ile rangi na mabomba ya mwaka 2014. Sheria inakubali gharama za kuongeza au kuhifadhi thamani ya mali, ila haikubali gharama ileile itumike mara mbili. Mwaka huo wa 2014 alikuwa akitangaza kodi ya wapangaji kwenye ritani yake ya mwaka, na zile 380,000 alishazitoa kwenye mapato hayo kama matengenezo. Kuzirudisha kwenye gharama ya jengo halikuwa jambo halali. Akiziondoa, faida yake inakuwa 7,420,000 na ushuru 1,113,000. Kwa hiyo anadaiwa kweli 57,000 na riba yake. Anapaswa kuzilipa kwanza, kisha apinge 927,000 zilizobaki. Naona hatua hii ina faida kubwa kuliko pesa yenyewe: afisa anayeona umekubali ulichokosea husoma yaliyobaki kwa makini zaidi.

Baada ya hapo kazi ni ya ushahidi, na kila gharama inahitaji pande mbili: karatasi inayoonyesha kazi gani ilifanywa, na karatasi inayoonyesha pesa ikitoka mfukoni mwako. Ghorofa ya 2012 ni rahisi. Kuna ramani iliyoidhinishwa, mkataba na mkandarasi, barua ya mkopo wa SACCO, na taarifa za benki zinazoonyesha malipo kwa tarehe zinazofuatana na hatua za ujenzi. Ushuru wa stempu una risiti yake, na wakili aliyeshughulikia ununuzi anaweza kuwa bado na faili. Dalali na wakili wa mauzo ni wa juzi tu, risiti zao zipo.

Vyumba vya mwaka 2003 ndivyo vigumu. M-Pesa haikuwapo hadi 2007, fundi alilipwa taslimu kila Jumamosi, na risiti za saruji zimefifia hadi hazisomeki. Hapo unaanza na ramani iliyopitishwa na Baraza la Manispaa ya Nakuru, ambayo inathibitisha nini kilijengwa na lini. Unaomba benki taarifa za akaunti za miaka hiyo, na unazisoma sambamba na daftari la malipo ya fundi. Zikionekana 60,000 zimetolewa Ijumaa na daftari likaonyesha malipo ya kesho yake, hiyo ni picha inayoeleweka. Fundi akiwa hai, aandike hati ya kiapo akitaja kazi aliyofanya na malipo aliyopokea.

Wengine hukimbilia kwa mkadiriaji wa gharama za ujenzi ili aandike ripoti mpya ya gharama za zamani. Ripoti hiyo inasaidia kuonyesha kwamba kiasi unachodai ni cha kawaida kwa jengo la ukubwa ule. Lakini inaeleza jengo kama hilo lingegharimu kiasi gani, haielezi wewe ulitumia kiasi gani, na ikipelekwa peke yake huanguka kirahisi. Usitegemee pia kupanda kwa bei: sheria ya Kenya haitoi nyongeza kwa ajili ya mfumko, na 400,000 za mwaka 1998 zinabaki 400,000.

Hisa hufuata kanuni ileile. Zile zinazouzwa Soko la Hisa la Nairobi hazitozwi ushuru huu. Hisa za kampuni ya binafsi hutozwa, na hapo unahitaji hati ya hisa, fomu ya uhamisho na malipo ya benki. Tatizo la kawaida ni pesa ulizoingiza kwenye kampuni kama mkopo wa mwenye hisa. Kama hazikugeuzwa kuwa hisa kwa azimio lililoandikwa, si gharama ya hisa zako.

Viambatisho vyote upange kwa namba, na mbele yao uweke jedwali la ukurasa mmoja: gharama, mwaka, kiasi, namba ya kiambatisho cha kazi, namba ya kiambatisho cha malipo. Pingamizi likishakuwa halali, Kamishna ana siku 60 za kutoa uamuzi, na zikipita kimya pingamizi huhesabiwa limekubaliwa. Kwa hiyo hifadhi ile stakabadhi ya iTax yenye tarehe. Akikataa, una siku 30 za kwenda mbele ya Jopo la Rufaa za Ushuru, na jedwali lilelile ndilo wakili wako atakaloanza nalo.