Kosa la Mpitisho wa Joto katika Ala ya Kihisijoto: Ukadiriaji na Mipaka Yake

Kihisijoto kinachopima hewa moto ndani ya bomba hakigusani na hewa hiyo. Hukaa ndani ya ala, yaani mrija wa chuma ulioingizwa bombani, ncha yake ikiwa imezibwa na shina lake kushikamana na ukuta wa bomba. Ukuta ukiwa baridi kuliko hewa, sehemu ya joto ambalo ala hupokea hutiririka kupitia chuma chake hadi ukutani. Ncha basi hubaki chini ya halijoto ya hewa, na kipimo husomeka pungufu, hata kihisijoto chenyewe kikiwa kizima kabisa.

Upungufu huo hukadiriwa kwa kuichukulia ala kama pezi la kuhamisha joto:

```
Th - Ts = (Th - Tu) / cosh(mL)
m = sqrt(h*P / (k*A))
```

Th ni halijoto ya hewa, Ts ile inayosomwa, na Tu ya ukuta penye shina. L ni urefu wa ala ndani ya bomba, P mzingo wake wa nje, A eneo la chuma kilichokatwa kwa upana, k upitishaji joto wa chuma, na h kizigeu cha uhamishaji joto kati ya hewa na ala.

Tuseme bomba halijahamiwa, kipimo kinasoma nyuzi 290 za Selsiasi na ukuta una nyuzi 220. Ala ni ya chuma kisichoshika kutu, ina kipenyo cha nje cha milimita 12, cha ndani 8, na urefu wa milimita 50. Kwa k ya 20 W/mK na h ya 100 W/m²K, m ni takriban 55 kwa mita, mL ni 2.74 na cosh yake 7.8. Tofauti ya nyuzi 70 kati ya kipimo na ukuta hugawanywa kwa 6.8, yaani cosh ukitoa moja. Kosa ni nyuzi 10. Hewa ina nyuzi 300.

Udhaifu wa hesabu hii umo katika h, ambayo ni nadra kujulikana kwa usahihi. Ikiwa kwa kweli ni 50, cosh hushuka hadi 3.5, na data zilezile zinaipa hewa nyuzi 318. Kwa hiyo kusahihisha kosa kubwa kwa fomula ni kubahatisha. Afadhali kosa lenyewe lipunguzwe. Kwa h ya 100, ala ya milimita 100 ingeacha upungufu usiofikia nyuzi moja. Kuhami bomba penye shina hadi ukuta ufike nyuzi 290 kungeacha nyuzi 1.3. Ala ya chuma cha kawaida, ambacho k yake hukaribia 50, ingefikisha kosa nyuzi 27.

Fomula haihesabu mnururisho kutoka kwenye ala kwenda kwenye ukuta, ambao nao hushusha kipimo. Hata hivyo, jaribio la kugundua tatizo ni rahisi: shina na bomba jirani hufungwa kihami kwa nje, mtiririko ukiachwa vilevile. Kipimo kikipanda, ukuta ulikuwa ukikipotosha.