Fedha Imeingia, Deni Lipi Limelipwa?

Kuna tatizo moja ambalo wenye maduka ya jumla hulipokea kwa furaha kabla hawajagundua kuwa ni tatizo. Simu inalia, ujumbe unasema fedha imeingia, kiasi kinatosha kulipia lori la saruji. Karani anatazama jina la mtumaji na halifahamu. Hakuna namba ya ankara, hakuna maelezo, hakuna aliyepiga simu. Jioni mwenye duka anauliza, "Hii ni ya nani?" na kila mtu anatazama pembeni.

Tuchukue mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, linalowakopesha wateja kwa siku 30. Tarehe 22 Aprili imeingia shilingi 1,462,000 kutoka kwa mwanamke ambaye jina lake halimo katika orodha ya wateja. Kwenye leja ya wadaiwa kuna watu watatu wa kufikiria. Mwenye duka wa Mzumbe anadaiwa ankara moja, namba 0463 ya tarehe 18 Aprili, na kiasi chake ni shilingi 1,462,000 kamili. Mteja wa Kihonda anadaiwa ankara mbili: 0412 ya tarehe 11 Machi, shilingi 850,000, na 0437 ya tarehe 24 Machi, shilingi 640,000. Wa tatu ni fundi mkuu wa Turiani, mwenye deni la muda mrefu la shilingi 2,300,000.

Karani mwenye haraka atamaliza kazi kwa dakika moja. Kiasi kilichoingia ni sawasawa na ankara ya Mzumbe, basi ni Mzumbe. Ataifuta 0463 na kwenda kunywa chai. Hapo ndipo makosa mengi ya aina hii huzaliwa, kwa sababu kiasi kinapolingana mtu huacha kuuliza maswali mengine.

Kabla ya kutafuta mwenye fedha, kuna jambo la kufanya siku hiyohiyo. Fedha iandikwe imeingia, tarehe 22 Aprili, kwa sababu kweli imeingia. Benki au simu ya biashara iongezeke kwa shilingi 1,462,000, na upande wa pili wa daftari kiasi hicho kiwekwe kwenye akaunti ya muda, ambayo wahasibu wengi huiita "malipo yasiyotambuliwa". Akaunti hii huhesabiwa miongoni mwa madeni ya duka, wala si mapato. Duka limeshika fedha ya mtu na bado halijamwambia imelipia nini.

Wengine hukwepa usumbufu huu kwa kuiandika kama mauzo ya siku. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mzigo ulishauzwa mwezi uliopita, ukaandikwa kwenye mauzo na risiti ya EFD ikatolewa. Ukiyaandika malipo yake kama mauzo mapya, mauzo yameongezeka bila mfuko mmoja wa saruji kutoka ghalani. Kama duka limesajiliwa kwa VAT, ndani ya shilingi 1,462,000 kuna kodi ya takriban shilingi 223,017 kwa kiwango cha asilimia 18, nawe unaweza kujikuta unailipa mara ya pili. Wakati huohuo deni la mteja limebaki palepale, na wiki ijayo atapigiwa simu ya kukumbushwa alipe kitu alichokwisha kulipa.

Fedha ikishakaa salama kwenye akaunti ya muda, yako maswali mawili, na yaende kwa mpangilio. La kwanza ni nani amelipa. La pili ni amelipia ankara ipi. Ukijua jibu la kwanza bila la pili, jumla ya deni la mteja itakuwa sahihi, ila umri wa deni utapotoka: mteja ataonekana ana ankara ya siku 40 haijalipwa na papo hapo ana akiba inayoelea. Hilo linavumilika kwa siku chache. Kubuni jibu la kwanza hakuvumiliki hata siku moja, maana unamfutia deni asiyelipa na kumdai aliyelipa.

Turudi kwenye orodha yetu. Fundi wa Turiani tunaweza kumweka kando mapema. Wateja wenye deni la kudumu hulipa kwa mafungu ya mviringo, laki tano, milioni moja, kadiri fedha inavyopatikana. Kiasi chenye elfu sitini na mbili mwishoni kinatoka kwa mtu aliyekuwa na karatasi mkononi akipiga hesabu.

Kwa Mzumbe, kiasi kinalingana lakini tarehe inatia shaka. Ankara ina siku nne tu, naye ana siku 30 za kulipa. Ukifungua historia yake na kukuta kila mara hulipa siku ya 28 au ya 30, kulipa siku ya nne ni jambo la ajabu kwake. Linawezekana, ila linahitaji ushahidi zaidi ya kulingana kwa kiasi.

Kwa Kihonda, 850,000 na 640,000 ni 1,490,000. Imezidi kwa shilingi 28,000. Hapa mwenye uzoefu haendi kwenye ankara nyingine, anakwenda kwenye daftari la mizigo iliyorudi. Anakuta kwamba mwanzoni mwa Aprili duka la Kihonda lilirudisha ndoo moja ya rangi iliyovuja, bei yake shilingi 28,000. Toa hiyo, inabaki 1,462,000. Ankara zote mbili zilikuwa zimeshatimiza au zinakaribia siku 30 au zaidi. Sasa wateja wawili wanalingana na fedha ileile hadi shilingi ya mwisho, na kiasi hakiwezi tena kuamua.

Kinachoamua ni njia fedha iliyopitia. Chukua taarifa za benki na za simu za mwaka mzima, tafuta jina au namba ya mtumaji. Watu hutumiwa na ndugu, wake, waume, madereva na wapangaji wao, lakini hutumia walewale. Katika mfano wetu, jina la yule mwanamke limewahi kutokea Januari, na malipo ya wakati ule yaliandikwa kwa mteja wa Kihonda. Hii ndiyo sababu kila duka linalokopesha lingefaidika na ukurasa mmoja tu wenye safu mbili: jina la anayetuma, na jina la mteja anayemlipia. Ni kazi ya dakika moja kila malipo yanapotambuliwa, na inaokoa asubuhi nzima baadaye.

Halafu ndipo mteja apigiwe simu, na namna ya kuuliza ina uzito. Ukimwuliza mteja wa Mzumbe, "Je, ni wewe umetuma milioni moja laki nne na sitini na mbili?" umempa zawadi. Mtu mwenye njaa ya fedha atajibu ndiyo, na hata mwaminifu anaweza kudhani mkewe amelipa. Swali linalofaa halitaji kiasi: "Mzee, habari za biashara? Tunapanga hesabu zetu. Wiki hii umetulipa chochote? Kiasi gani, na kilitumwa kwa jina la nani?" Anayelipa anajua jibu. Mteja wa Kihonda akisema dada yake wa Dodoma ndiye aliyetuma, na kwamba wamekata bei ya ile ndoo ya rangi, shauri limekwisha. Mwombe namba ya muamala, uilinganishe na ile iliyo kwenye taarifa yako mwenyewe. Usiridhike na picha ya ujumbe aliyokutumia, kwa sababu ujumbe wa kughushi ni mwingi.

Kisha daftari lirekebishwe kwa tarehe ya ugunduzi, bila kufuta kilichoandikwa tarehe 22. Akaunti ya malipo yasiyotambuliwa ipungue kwa 1,462,000. Upande wa Kihonda, 850,000 zifunge ankara 0412, na 612,000 zilizobaki ziende 0437. Shilingi 28,000 za mwisho zifungwe na hati ya mzigo uliorudi. Kama hati hiyo haikuandikwa, 0437 itabaki na kijideni cha 28,000 kwa miezi, na kila mwisho wa mwezi mtu atauliza ni nini.

Tofauti kama hiyo si lazima iwe mzigo uliorudi. Inaweza kuwa ada ya kutuma fedha aliyoikata mteja, au kodi ya zuio. Nchini Kenya, mnunuzi aliyeteuliwa na KRA hukata asilimia 2 ya bei kabla ya VAT na kuipeleka serikalini mwenyewe. Ankara ya KSh 116,000, ambayo bei yake kabla ya kodi ni 100,000, huingia ikiwa KSh 114,000. Karani asiyejua hili atatafuta ankara ya 114,000 hadi jioni.

Je, mteja akijulikana lakini asiseme analipia ankara ipi? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina mpangilio wake. Mlipaji akitaja deni, au mazingira yakionyesha analipia lipi, na mdai akaipokea fedha, iende huko. Asipotaja, mdai anaweza kuchagua. Wote wasipochagua, yalipwe madeni ya zamani kwanza. Maduka mengi huanza moja kwa moja na deni la zamani, na mara nyingi ni sawa. Shida huja pale ambapo mteja ameacha ankara ya zamani kwa makusudi kwa kuwa analalamikia saruji iliyoloa. Ukiifunga kwa fedha yake, umeuzika ugomvi ambao utafufuka ukubwa mara mbili.

Mwenye duka aitazame akaunti hii ya muda kila wiki, na anayepokea fedha asiwe ndiye anayeamua peke yake ziende kwa nani. Ni mahali pazuri mno pa kujificha: karani aliyekula malipo ya mteja mmoja anaweza kuyafidia kwa fedha ya mwingine isiyo na jina, na mchezo ukaenda miezi. Dalili yake ni wateja wanaolalamika kwamba walilipa siku fulani, ilhali leja inaonyesha wiki mbili baadaye.

Sehemu kubwa ya tatizo huzuilika kwenye ankara yenyewe. Iandikwe kwa herufi kubwa kwamba mlipaji aweke namba ya ankara katika maelezo. Kwa walio Kenya, Paybill humwuliza mlipaji namba ya akaunti kabla fedha haijaondoka, jambo ambalo Till haifanyi. Anayeuza kwa mkopo anufaike na hilo.

Na fedha ikikosa kabisa mwenyewe, ibaki kwenye akaunti ya muda, isigeuzwe faida mwisho wa mwaka ili hesabu zipendeze. Akitokea mtu kudai ilitumwa kwa makosa, irudishwe kwa namba au akaunti ileile iliyotuma, kamwe isipelekwe kwenye namba nyingine anayoitaja kwa simu.