Watu Wanane, Tenki Moja

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam akiulizwa flati yake inachukua watu wangapi, aghalabu huhesabu vyumba. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, nalo huanzia hapo: chumba kinachokaliwa na watu zaidi ya watatu huhesabiwa kuwa kimesongamana. Kwa kipimo hicho, vyumba viwili na sebule vingeweza kubeba watu tisa. Lakini ugomvi wa wapangaji hauanzii kitandani. Unaanzia kwenye tenki la maji, na baadaye unahamia kwenye shimo la choo.

Tuchukue mfano wa flati ya vyumba viwili, yenye tenki lake la lita 1,000, katika mtaa ambao maji hutoka Jumatatu na Ijumaa. Mtu mmoja anahitaji lita 50 hivi kwa siku ili apike, aoge, afue na kumwaga chooni. Watu watano watatumia lita 250, kwa hiyo tenki lililojaa Jumatatu jioni litawafikisha Ijumaa. Wakiwa wanane watatumia lita 400. Alhamisi asubuhi bomba litakohoa hewa, na kabla ya watoto kwenda shule mtu atakuwa ameshika ndoo mlangoni kwa jirani.

Mwenye nyumba anaweza kuongeza tenki la pili, na kwa upande wa maji tatizo litakuwa limekwisha. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu karibu maji yote yaliyoingia ndani yatatoka kuelekea shimoni, na shimo halitegemei ukubwa wake tu bali pia kasi ya udongo kunywa maji. Tuseme udongo unakunywa lita 300 kwa siku. Familia ya watu watano, yenye lita zake 250, itaishi hapo muda mrefu bila kusikia habari ya choo. Wale wanane humwaga lita 100 zaidi ya uwezo wa udongo kila siku, na nafasi ya lita 5,000 itajaa kwa siku 50. Msimu wa masika, ardhi ikiwa imeshiba, hali huwa mbaya zaidi. Dalili huonekana mapema: maji ya choo hushuka polepole, bafu la chini hutoa harufu asubuhi, na gari la kunyonya majitaka linaitwa mara nyingi kuliko mwaka uliopita.

Kwa hiyo idadi inayoandikwa kwenye mkataba wa pango ifuate kile kinachoishiwa kwanza. Katika mfano huu ni watano au sita, ingawa vyumba vinaruhusu tisa. Mpangaji mwenye familia kubwa akielezwa hesabu hiyo, ana nafasi ya kujadiliana: pengine atakubali kulipia gari la majitaka kila baada ya siku 50. Akiambiwa tu "sitaki watu wengi", ataingia na watoto wawili, na wengine watafuata usiku.

Maneno ya mkataba nayo yana uzito. "Familia ndogo" haina maana mbele ya mjumbe wa mtaa, maana kila mtu ana familia ndogo yake. Yaandikwe majina ya wote watakaolala humo, na siku ambazo mgeni anaweza kukaa kabla ya kuhesabiwa mkazi. Wiki mbili zinatosha kwa shangazi aliyekuja hospitali. Mtoto atakayezaliwa ndani ya mkataba asiwe sababu ya kupandisha kodi wala kufukuza mtu. Kumtoa mzazi mwenye kichanga kwa sababu ya idadi ni ukatili.

Vijana wanne wanaopanga pamoja wana shida nyingine. Mara nyingi mmoja husaini na kulipa miezi sita, kisha wenzake humrudishia kidogo kidogo. Mmoja akiondoka mwezi wa tatu, aliyesaini ndiye anayebaki na deni. Wote wasaini, na iandikwe nani atamtafuta mrithi wa kitanda.

Halafu kuna LUKU. Wateja wadogo wa TANESCO, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei nafuu. Kaya mbili zinazotumia uniti 60 kila moja, zikiwa kwenye mita moja, huonekana kama mteja mmojawa uniti 120, na nafuu hiyo inapotea kwa wote wawili. Kugawana kwa vichwa huumiza mwenye watoto wasio na pasi wala friji. Ni afadhali kila mlango uwe na mita yake.

Mpangaji, kabla hujampa dalali hela yake, panda juu ufunue tenki, uliza maji hutoka siku gani, na uliza shimo lilinyonywa lini mara ya mwisho.