Wawili Wasiosikiana kwa Mnara Mmoja

Tuseme juu ya kilima kumesimikwa mlingoti wenye antena ya waifai. Bonde la mashariki lina shule, bonde la magharibi lina zahanati, na kila upande umefunga kifaa chake kikielekezwa kileleni. Fundi akipima nguvu ya mawimbi shuleni, anakuta ni nzuri. Akienda zahanati, ni nzuri vilevile. Shule ikituma mafaili yake peke yake, yanafika upesi. Zahanati nayo ikituma peke yake, haipati shida yoyote. Lakini saa nne asubuhi, walimu wanapopakia matokeo ya mitihani huku zahanati ikituma ripoti zake, kasi huporomoka pande zote mbili, na mara nyingine mawasiliano husimama kabisa.

Hakuna kifaa kilichoharibika. Mlingoti unaisikia shule na unaisikia zahanati. Shule na zahanati ndizo zisizosikiana, kwa sababu kilima kimezikinga. Kwa wahandisi wa mitandao, kila moja ni kituo kilichofichika machoni pa mwenzake, na kasoro hii ni miongoni mwa zile zinazomsumbua fundi kwa siku nyingi, kwa kuwa kila kipimo cha upande mmoja humwambia kwamba mambo ni shwari.

Chanzo chake ni namna vifaa vya waifai vinavyogawana hewa. Kwa kawaida havina msimamizi wa kuviambia nani atume sasa na nani asubiri. Kila kifaa husikiliza kwanza. Kikisikia mwingine anatuma, hunyamaza. Kikiona hewa imetulia, husubiri muda mfupi unaochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha hutuma. Utaratibu huu hufaa sana pale ambapo wote wanasikiana. Udhaifu wake ni kwamba anayesikiliza ni mtumaji, ilhali mgongano hutokea kwenye antena ya mpokeaji. Hewa iliyo kimya kabisa bondeni inaweza kuwa imejaa kileleni.

Tena mtumaji hana njia ya kugundua mgongano wakati unatokea. Kwenye nyaya za zamani za ethaneti, kompyuta iliweza kutuma huku ikihisi kama kuna umeme wa mwingine, ikaacha mara moja. Redio haiwezi hivyo, kwa sababu mawimbi yake yenyewe yana nguvu kubwa mno karibu na antena kiasi cha kufunika kila kitu kinachotoka mbali. Shule itatuma fremu yake yote hadi mwisho, kisha itangoje jibu fupi la kuthibitisha kwamba imepokelewa. Jibu lisipokuja, ndipo itakapojua kwamba kazi ile ilipotea.

Watu walikutana na jambo hili mapema. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa redio uitwao ALOHA, uliounganisha vituo vilivyotawanyika visiwani na kompyuta iliyokuwa karibu na Honolulu. Vituo hivyo havikusikilizana hata kidogo: kila kimoja kilituma kilipotaka, na kisipothibitishiwa kilirudia. Hesabu ilionyesha kwamba kwa mtindo huo, hata mambo yakienda vizuri, ni takriban asilimia 18 tu ya muda wa hewa inayobeba ujumbe unaofika salama. Kusikiliza kabla ya kutuma kuliinua sana kiwango hicho. Ndipo mwaka 1975 Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock wakachapisha utafiti ulioonyesha kwamba faida hiyo huyeyuka pale vituo vinapofichana. Wao walipendekeza kituo cha kati kitoe mlio kwenye masafa mengine kila kinapokuwa kinapokea, ili walio mabondeni wajue kuna shughuli. Dawa hiyo ilifanya kazi, ila ilidai kila mmoja awe na sehemu ya ziada ya masafa pamoja na redio ya kuisikiliza.

Dawa iliyomo ndani ya waifai ya leo ilipitia kwa waendesha redio wa ridhaa. Hawa walikuwa wakirushiana data kupitia vituo vya kupokezana vilivyofungwa juu ya milima, na kwa hiyo waliishi na tatizo hili. Mwaka 1990, mmoja wao, Mmarekani Phil Karn, alichukua wazo lililokuwa tayari kwenye mtandao wa nyaya wa kompyuta za Apple na kulipeleka kwenye redio: kabla ya kutuma mzigo mkubwa, tuma kwanza ombi dogo, na mpokeaji ajibu kwa ruhusa. Miaka minne baadaye, watafiti wa maabara ya Xerox huko California waliliboresha, na kiwango cha kwanza cha waifai, 802.11 cha mwaka 1997, kikalipokea. Kwenye mipangilio ya ruta, ombi hilo huandikwa `RTS` na ruhusa huandikwa `CTS`.

Siri ya ubunifu huu iko katika nani anatoa ruhusa. Turudi kilimani, na tuchukue waifai ya 802.11b, inayotuma biti milioni 11 kwa sekunde, kwa kuwa hesabu zake ni rahisi kufuata. Shule ina fremu ya baiti 1,500 za data. Badala ya kuirusha moja kwa moja, inatuma ombi la baiti 20 tu. Ndani ya ombi hilo imeandika idadi ya mikrosekunde ambazo mazungumzo yote yatachukua baada yake: hapa ni kama 1,835. Zahanati haisikii ombi hili, na wala haijalishi. Mlingoti unapumzika mikrosekunde 10, kisha unajibu kwa ruhusa ya baiti 14, ambayo nayo imeandikwa muda uliobaki, takriban 1,577. Ruhusa inatoka kileleni, kwa hiyo inashuka mabonde yote mawili. Shule inaelewa kwamba njia ni nyeupe. Zahanati inaona ruhusa si yake, inasoma ile namba, inaweka saa yake ya ndani na kunyamaza hadi muda uishe, hata kama kwa masikio yake hewa ni tupu. Shule inatuma data kwa mikrosekunde 1,309, mlingoti unathibitisha, na hewa inarudi kuwa ya wote.

Ombi lenyewe linaweza kugongana. Zahanati ikianza kutuma ombi lake wakati la shule liko hewani, yote mawili yanapotea. Hapa ndipo udogo wa ombi unapoleta tofauti, na tofauti hiyo inaweza kuhesabiwa.

Chukulia shule na zahanati zote zina fremu ya kutuma, na zimeanza kuhesabu subira kwa wakati mmoja. Katika jaribio la kwanza, kila moja huchagua namba kati ya 0 na 31, na kila namba ni mikrosekunde 20. Hivyo tofauti kubwa kabisa inayoweza kuwapo kati yao ni mikrosekunde 620. Lakini fremu ya data inadumu 1,309. Zikituma bila ombi, fremu hizo lazima zipandane, haidhuru bahati imeangukia wapi. Baada ya kushindwa, kila moja huongeza wigo wa kuchagua hadi 63, ambazo ni mikrosekunde 1,260. Bado hazitoshi, na mgongano ni wa hakika kwa mara ya pili. Ni katika jaribio la tatu, wigo ukifika 127, ndipo kunakuwa na nafasi ya kupishana, nayo ni takriban asilimia 24 tu.

Sasa weka ombi mbele. Ombi hudumu mikrosekunde 272, kwa hiyo anayetangulia kwa vipande 15 vya subira tayari ameshapata ruhusa, na mwenzake ameisikia. Nafasi ya kupishana hivyo ni asilimia 30 katika jaribio la kwanza, 60 katika la pili na karibu 79 katika la tatu. Na hata zikigongana, kilichopotea ni ombi fupi, si fremu nzima. Ni hesabu inayostahili kukaa kichwani mwa kila anayefunga mitandao ya mabondeni.

Gharama ipo. Ombi, ruhusa na mapumziko yake hula mikrosekunde 540 kwa kila fremu, jambo linalorefusha safari ya fremu kubwa kwa zaidi ya robo hata pale ambapo hakuna aliyefichika. Kwa pakiti ndogo kama za sauti ya simu hasara ni mbaya zaidi, maana fremu yenyewe inaweza kukaribiana na ombi kwa udogo. Ndiyo sababu ruta nyingi huja na kipengele kiitwacho `RTS Threshold` kikiwa kwenye 2346 au 2347. Kipengele hiki kinasema ombi litumwe tu kwa fremu inayozidi idadi hiyo ya baiti, na kwa kuwa fremu za kawaida hazifiki huko, kwa vitendo ombi limezimwa.

Fundi anayeshuku kilima aanze na dalili. Kila upande ukiwa peke yake kasi ni nzuri. Pande mbili zikipakia pamoja kasi inaanguka kuliko nusu. Lakini upakuaji hauathiriki sana, kwa sababu huko mtumaji wa mizigo mikubwa ni mlingoti, na mlingoti husikiwa na wote. Kwenye kifaa cha Linuksi amri hii huonyesha hesabu ya marudio:

```
iw dev wlan0 station dump
```

Mstari wa `tx retries` ukipanda kwa kasi kila mwenzake anapotuma, ilhali nguvu ya mawimbi haijabadilika, shaka inakuwa na msingi. Kisha hushushwa kizingiti kwa amri hii, yenye haki za msimamizi:

```
iw phy phy0 set rts 500
```

Wengi hukosea mahali pa kuiandika. Wakiibadilisha kwenye ruta ya kileleni pekee, hakuna kinachopona, kwa sababu ruta itaomba ruhusa kwa fremu zake yenyewe tu. Amri inapaswa kuwekwa shuleni na zahanati, kwa wale wanaofichana. Baada ya hapo jaribio la kutuma kwa pamoja lirudiwe. Kasi isipopanda, kizingiti kirudishwe kilipokuwa na tatizo litafutwe kwingine.

Upo pia mpaka ambao mpangilio huu hauvuki. Ruhusa humnyamazisha aliyeweza kuisoma. Kifaa kilicho mbali kidogo kinaweza kushindwa kuisoma, na bado mawimbi yake yakatosha kuharibu yale yanayofika kileleni. Na wateja wakiongezeka hadi makumi, maombi yenyewe huanza kugongana kwa wingi. Kwa hiyo watengenezaji kama MikroTik na Ubiquiti huweka kwenye baadhi ya vifaa vyao vya masafa marefu utaratibu wao wenyewe, ambapo mnara humgawia kila mteja zamu yake ya kutuma. Utaratibu huo hudai vifaa vya pande zote viwe vinavyouelewa, na simu ya kawaida ya mgonjwa anayepita chini ya mlingoti haimo kati ya hivyo.